Chumba cha Batri

Huku Butembo usiku una baridi, na watu hupenda kuziba matundu yote ya nyumba. Chumba cha batri kisizibwe hivyo. Batri za asidi zikijazwa umeme hutoa haidrojeni, hewa nyepesi isiyo na harufu. Hiyo hupanda darini. Ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Tena mvuke wa asidi huchoma macho na kifua.

Kwa hiyo chumba kiwe mbali na vitanda vya wagonjwa. Toboa matundu karibu na sakafu, na mengine katika ukuta wa pili, chini kabisa ya dari; hewa safi iingie chini, ile mbaya itoke juu. Kule Beni kwenye joto zaidi, chumba kiwe kivulini, maana joto huharibu batri upesi.

Sigara, taa ya moto na mbabula visiingie humo. Swichi iwe nje, na ndoo ya mchanga karibu na mlango. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20, kisha njoo hospitali.

Ukisikia harufu ya yai bovu, batri inajazwa kupita kiasi. Toka, acha mlango wazi, kata umeme kwa swichi ya nje, umwite fundi.