Mauzo Yakiwa Chini ya Andiko, Ratiba ya Mkopo Hupangwaje Upya?

Tumchukue mama anayeoka mikate Morogoro mjini. Hesabu zake hapa ni za mfano, ila afisa mikopo yeyote atazitambua. Alikopa benki shilingi milioni 12 akanunua oveni, mkopo wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho lake ni kama 1,135,000 kila mwezi. Kwenye andiko la biashara aliahidi kuuza mikate 600 kwa siku. Kila mkate ukimwachia shilingi 200 baada ya kutoa unga, hamira, sukari na mafuta, siku 26 za kazi zinampa 3,120,000. Akiondoa pango, mishahara, umeme na usafiri, ambavyo kwa pamoja ni 1,500,000, anabakiwa na 1,620,000. Rejesho linalipika na ya nyumbani inapatikana.

Mauzo yenyewe yakagota kwenye mikate 400. Gharama za pango na mishahara hazikupungua, kwa hiyo kinachobaki mwisho wa mwezi ni 580,000. Ndiyo kusema theluthi moja ya mauzo imepungua, lakini karibu theluthi mbili ya fedha ya kulipia mkopo imetoweka. Hapo ndipo wengi hujidanganya, wakidhani pengo ni dogo kuliko lilivyo.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo mama huyu analipa bila kuchelewa. Ukimuuliza fedha imetoka wapi, jibu ni hela ya unga. Dalili ni rahisi kuiona: aliyekuwa akinunua mifuko ishirini kwa mkupuo sasa ananunua mitatu mitatu kwa bei ya rejareja, na muuza unga anamdai. Kinachofuata mara nyingi ni mkopo wa kausha damu, unaochukuliwa kuziba rejesho la benki. Baada ya hapo wadai ni wawili, na yule wa pili hasubiri mwisho wa mwezi.

Wakati wa kwenda benki ni huu, angali hajachelewa hata rejesho moja. Sababu haihusiani na huruma. Mkopo usiolipwa kwa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha zake yenyewe kufidia hasara inayoweza kutokea. Kwa hiyo kabla ya siku hizo kupita, benki nayo ina faida ya kukaa mezani. Zikishapita, jalada huhama kwa afisa aliyemfahamu mteja likaenda kwa watu wa kukusanya madeni, na mazungumzo yanageuka kuwa ya dhamana.

Kwenye mazungumzo hayo kuna maombi mawili yanayochanganywa sana. La kwanza ni kipindi cha neema: kwa miezi mitatu, tuseme, mkopaji analipa riba tu, kisha anarudi kwenye rejesho lake la zamani. La pili ni kurefusha muda, ili salio ligawanywe kwa miezi mingi zaidi.

Baada ya marejesho matatu, salio la mama wa mikate ni kama shilingi milioni 9.26. Akipewa neema ya kulipa riba tu, atalipa 185,000 kwa mwezi na kupumua. Lakini mwezi wa nne rejesho la 1,135,000 linarudi palepale, na biashara bado inampa 580,000. Neema inamfaa mtu ambaye fedha yake imechelewa: mkandarasi anayesubiri malipo ya halmashauri, au mwenye duka la sare anayengoja shule zifunguliwe Januari. Kwa mwenye mauzo yaliyotulia chini, neema inasogeza tatizo mbele tu. Na kama ni neema ya kutolipa chochote, hata riba, basi riba ya miezi mitatu ikiongezwa kwenye deni inalifikisha milioni 9.83.

Anachohitaji ni kurefusha. Miezi tisa iliyobaki ikifanywa 24, rejesho linashuka hadi kama 490,000. Akiachana na bodaboda wa kusambaza mikate na kuwaachia wenye maduka wajifuatie wenyewe, akaokoa 150,000 kwa mwezi, atabakiwa na 240,000. Si nyingi, ila biashara inasimama. Nafuu hiyo ina bei yake: riba atakayolipa kuanzia sasa inapanda kutoka takriban 950,000 hadi milioni 2.49. Hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu ya ziada, na ni haki yake kuijua kabla ya kukubali.

Afisa mikopo hapitishi ombi hili peke yake. Hulipeleka kwenye kamati ya mikopo, watu wasiowahi kuionja ile mikate. Kinachowashawishi ni karatasi: daftari la mauzo la miezi mitatu, taarifa ya miamala ya Lipa Namba, taarifa ya benki, orodha ya wanaomdai na anaowadai, na barua ya ukurasa mmoja inayosema mauzo yalitarajiwa kuwa nini, yamekuwa nini, kwa nini, gharama ipi imekatwa, na anaweza kulipa kiasi gani kila mwezi. Barua inayosema “naomba mnifikirie, biashara ni ngumu” inaiachia benki kazi ya kubuni kiasi, na benki itabuni kinachoifaa yenyewe. Afadhali pia aombe rejesho analolimudu kwa mauzo ya leo, kwa sababu ombi la pili ndani ya mwaka husikilizwa kwa shida.

Benki haina wajibu wa kukubali. Hata Mei 2020, Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza hatua za kukabiliana na athari za korona, ilizipa benki unafuu wa kikanuni pale zinaporekebisha mikopo ya wateja walioathirika. Uamuzi juu ya mkopo mmoja mmoja ulibaki kwa benki na mteja wake.

Ombi likikubaliwa, linaandikwa kwenye mkataba wa nyongeza, na hapa ndipo pa kusoma polepole. Je, riba inakokotolewa kwenye salio, au bado kwenye milioni 12 za mwanzo kana kwamba hakuna kilicholipwa? Kuna ada ya marekebisho? Bima ya mkopo imeongezwa muda? Mdhamini naye ataitwa kutia saini upya, na asishangae: chini ya Sheria ya Mikataba, masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake, hafungwi na yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Kama dhamana ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wa ndoa nayo inahitajika katika kuiweka rehani.

Ombi likikataliwa, jibu liombwe kwa maandishi, na mkopaji aendelee kuweka kila mwezi kile alichoahidi kwenye barua. Kwa nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani, Sheria ya Ardhi inaitaka benki itoe notisi ya siku 60 kabla ya kuanza kutumia haki zake, na katika siku hizo mazungumzo bado yanaruhusiwa.

Yote yakikamilika, usiondoke kaunta na ahadi ya mdomo kwamba “tumeshakurekebishia”. Omba jedwali jipya la marejesho lenye mhuri, linaloonyesha kila mwezi kiasi cha riba, kiasi cha deni na salio linalobaki, na hakikisha makato ya zamani kwenye akaunti yamesitishwa.