Alama ya kutoa kwenye faili la ghala

“Habari za kazi, mkuu. Kwenye faili la stoo la mwezi uliopita naona sabuni ya unga, katoni -60. Je, hizi ni bidhaa zilizorudishwa na wateja? Sijagusa kitu, nasubiri jibu lako.”

Ujumbe huu wa mchambuzi wa takwimu kwa msimamizi wa ghala ni mfupi, lakini umeuliza jambo la msingi. Kwenye faili la mauzo, mzigo uliorudishwa na mteja mara nyingi huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa kuwa unapunguza mauzo. Kwenye faili la mienendo ya stoo mambo hugeuka: mzigo huo unaingia ghalani, hivyo kwa kawaida huongeza. Kinachopunguza ni mzigo unaotoka, ukiwemo ule unaorudishwa kwa msambazaji.

Basi -60 ni nini? Inategemea safu. Tuseme ni safu ya salio, na salio lilikuwa sifuri. Jumatatu lori lilishusha katoni 100, zikauzwa 60 siku hiyohiyo, ila hati ya mapokezi ikaingizwa kwenye kompyuta Jumatano. Kwa siku mbili mfumo ulionyesha -60, kisha 40. Hakuna mteja aliyerudisha chochote.

Msimamizi atalijua hilo kwa kulinganisha tarehe ya hati ya mapokezi na tarehe iliyoingizwa. Mchambuzi akiifuta alama ile kimyakimya, ripoti itaonyesha katoni 60 ambazo mfumo haukuwa nazo.