Video Zako Zisigombanie Mtafutaji Mmoja

Mtu anayetaka kupika chapati akifungua YouTube, mara nyingi haandiki jina la chaneli. Anaandika "jinsi ya kupika chapati laini", anapitisha macho kwenye matokeo machache ya juu, kisha anachagua video moja. Tuchukue mfano wa chaneli ya mapishi ambayo kwa miaka miwili imepakia video nne: "Jinsi ya kupika chapati laini", "Chapati laini sana", "Siri ya chapati laini" na "Chapati laini za kusukuma". Mwenye chaneli anaamini amejiongezea nafasi mara nne. Kilichotokea ni sawa na chama kimoja kusimamisha wagombea wanne katika jimbo moja: kura za wapenzi wake zinagawanyika, na mgombea wa chama kingine anapita.

YouTube imeeleza kwamba utafutaji wake unapima mambo matatu makubwa. La kwanza ni ukaribu wa video na maneno yaliyoandikwa, kwa kuangalia kichwa, maelezo, lebo na yaliyomo. La pili ni jinsi watazamaji wanavyoipokea, ukiwemo muda wanaoitazama video hiyo baada ya kutafuta maneno hayo. La tatu ni ubora, yaani dalili kwamba chaneli inaifahamu na kuaminika katika mada husika.

Ni hilo la pili linaloumiza video zinazofanana. Leo mtafutaji mmoja anabofya video ya kwanza, kesho mwingine anabofya ya tatu, na wiki ijayo mwingine anaangukia ya zamani iliyorekodiwa gizani, anaondoka baada ya sekunde 20. Hakuna adhabu iliyowekwa kwa kurudia maneno. Tatizo ni kwamba ushahidi ambao ungeweza kurundikana kwenye video moja nzuri umetawanyika kwenye nne, na ile dhaifu inaonyeshwa mahali ambapo bora ingeweza kukaa.

Ugonjwa huu unaonekana kwa macho. Ndani ya YouTube Studio kila video ina ukurasa wake wa Analytics, na kwenye sehemu ya Reach kuna orodha ya maneno ambayo watu waliandika kwenye utafutaji kabla ya kuifikia. Mwenye chaneli afungue video zote nne, moja baada ya nyingine, na kuandika maneno matatu au manne ya juu ya kila moja kwenye daftari. Tuseme "chapati laini" inaongoza kwenye tatu kati ya hizo, na hakuna hata moja inayopata watazamaji wengi kutokana nayo. Jibu limeshapatikana. Kuna njia nyingine ya kuhakikisha: kutafuta maneno hayo kwenye dirisha la siri la kivinjari, ambako historia ya mtumiaji haichanganyi matokeo, na kuangalia ni video ipi ya chaneli inayotokea. Ikiwa kila baada ya siku chache inatokea nyingine, video hizo zinapokonyana.

Inayofuata ni kazi ya kuchagua, na hapa wengi hukosea kwa kuichagua video yenye watazamaji wengi. Idadi hiyo huenda ilitokana na watu kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, au na umri wake tu. Kipimo cha haki zaidi ni muda ambao watu waliotoka kwenye utafutaji huitazama. Video ya dakika 9 ambayo watafutaji hukaa nayo dakika 5 inastahili kumiliki "jinsi ya kupika chapati laini" kuliko ile wanayoiacha kabla unga haujakandwa.

Zile tatu zilizobaki hazihitaji kurekodiwa upya. Zinahitaji kutazamwa tena na mwenyewe, akiwa na swali moja: hii inajibu nini ambacho nyingine haijibu? Katika mfano wetu, "Siri ya chapati laini" ina dakika nne nzima kuhusu maji ya moto, unga kupumzishwa na moto mkali unaokausha chapati. Hiyo inamfaa mtu ambaye tayari ameshapika na zimemgomea, na mtu huyo huandika "kwa nini chapati zinakuwa ngumu". "Chapati laini sana" imetumia kilo kadhaa za unga, na mpishi anahesabu donge kwa donge. Mahali pake ni "chapati za biashara". Ile ya nne inaonyesha kwa karibu jinsi ya kukunja donge lililopakwa mafuta ili chapati ichambuke, kwa hiyo ichukue "jinsi ya kukunja chapati".

Kabla ya kuamua, maneno hayo yajaribiwe kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukianza kuandika "chapati za", YouTube inajazia mapendekezo yanayotokana na yale watu wanayoyatafuta. Google Trends nayo ina chaguo la YouTube Search linaloonyesha mwelekeo kwa nchi, na linafaa sana kwa Kiswahili kwa sababu Mtanzania na Mkenya hawaandiki sawa kila mara.

Tahadhari moja lakini. Tofauti ya tahajia si tofauti ya haja. Anayeandika "mandazi" na anayeandika "maandazi" wanataka kitu kilekile. Video moja inawatosha, na tahajia ya pili ikae kwenye maelezo au lebo. Mahamri ni habari nyingine, kwa sababu anayeyataka anategemea tui na iliki, kwa hiyo yana haki ya video yake. Vilevile chapati za maji na chapati za kusukuma: rojo na donge haviwezi kufundishwa kwa kichwa kimoja.

Maneno makuu yakishapatikana, yawekwe mwanzoni mwa kichwa, maana YouTube inaruhusu herufi 100 lakini simu hukata mapema. Yarudi kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo, na maandishi ya picha ya jalada yaendane nayo. Lebo zina uzito mdogo; YouTube yenyewe inasema zinasaidia hasa kwa maneno yanayokosewa tahajia mara kwa mara.

Ikiwa video moja haina lolote la pekee, kishawishi ni kuifuta. Kwa chaneli inayokusanya saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili ikubaliwe kulipwa matangazo, hiyo ni hasara, kwa kuwa saa za video iliyofutwa au kufichwa hazihesabiwi. Ni heri iachwe, ibadilishwe kichwa kisigombanie maneno yaleyale, kisha kadi, skrini ya mwisho na maoni yaliyobandikwa juu vimpeleke mtazamaji kwenye video kuu.

Kutenganisha maneno hakumaanishi kutawanya mada. Video nne za chapati zenye haja nne tofauti bado zinaweza kupendekezwa moja baada ya nyingine, na kwa chaneli nyingi mapendekezo hayo huleta watu wengi kuliko utafutaji. Ndiyo sababu video ambayo tayari inapata watu wengi kupitia mapendekezo isiguswe ovyo kichwa chake kwa ajili ya utafutaji peke yake.

Mabadiliko yafanywe kwa video moja au mbili kwa wakati, na tarehe iandikwe. Baada ya hapo zilinganishwe siku 28 za kabla na 28 za baada, kwa kuangalia utafutaji tu. Wa mapishi aepuke kulinganisha Shaabani na Ramadhani, maana mwezi wa futari maandazi na chapati za maji hutafutwa kwa sababu zisizohusiana na kichwa kipya.