Mabomba ya Iringa na Mbeya: kompyuta iache kujifunza lini?

Data ya vituo vya maji 59,400 vya Tanzania iko wazi kwenye shindano la Pump it Up la DrivenData. Iringa peke yake ina 5,294, Mbeya 4,639. Kazi ni kubashiri kipi kinatoa maji, kipi kibovu, kipi kinataka matengenezo.

Wengi hutumia XGBoost. Inajenga miti ya maamuzi, kila mti ukisahihisha makosa ya iliyotangulia. `learning_rate` ndiyo inapima kila mti usahihishe kwa nguvu kiasi gani: ukishusha kutoka 0.3 hadi 0.05, utahitaji miti mingi zaidi. `max_depth` ni maswali mangapi mti unauliza mfululizo. Matatu yanatosha kuunganisha chanzo, umri na aina ya pampu. Kumi na mbili? Hapo unaanza kukariri bomba moja moja. `subsample` ya 0.8 inaupa kila mti 80% tu ya vituo, hivyo vichache vya ajabu havitawali.

Sasa miti mingapi? Tenga data ya mtihani, weka `early_stopping_rounds=50`: raundi 50 zikipita bila matokeo kuboreka, basi.

Hapa ndipo watu wanapigwa. Ukitenga kwa bahati nasibu, mabomba mawili ya mserereko mmoja Mufindi yanagawanyika: moja mafunzoni, jingine mtihanini. Modeli inapata jibu kwa jirani, matokeo yanazidi kupanda, na haisimami mapema.

Ukitaka ibashiri wilaya isiyo na data, ficha Mufindi yote iwe mtihani.