"Malipo yameshindwa": ya nani, na kwa nini?

Jioni ya Ijumaa Kuu, mwaka 2024, abiria mmoja alipiga simu ofisini kwetu Dar es Salaam kwa hasira. Alikuwa amelipia siti ya basi la Tanga kwa simu. Ujumbe wa kukatwa pesa alikuwa nao, tiketi hana. Dada wa huduma kwa wateja akamuuliza amelipa saa ngapi. "Saa moja kasoro," akajibu. Dada akaandika "1 kasoro" kwenye karatasi, akatuletea sisi wa mfumo.

Mwenzangu aliisoma karatasi hiyo Jumamosi, akafungua kumbukumbu za seva na kutafuta kuanzia 00:40 hadi 01:00. Akakuta usiku mtupu. Baadaye ndipo tulipokumbuka kwamba abiria anahesabu saa za Kiswahili, kwa hiyo saa moja kasoro yake ni 18:50 hivi. Seva nayo haikuwa ikiandika saa za Dar es Salaam, bali saa za kimataifa za UTC, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Ya kutafutwa ilikuwa 15:50. Tulipofika hapo tukakuta haya:

```
15:48 Malipo yameshindwa
15:48 Malipo yameshindwa
15:51 Malipo yameshindwa
```

Malipo ya nani? Ya basi gani? Yameshindwaje, ilhali pesa imekatwa? Mistari haikusema. Tukawarudishia abiria pesa zao mmoja mmoja kwa kulinganisha namba za simu, kazi iliyotuchukua mpaka Jumapili usiku, na chanzo hatukukijua.

Mabaharia wana neno batli, yaani daftari ambalo nahodha huandika mambo ya safari. Watu wa kompyuta wengi husema tu "logi", na utani wa kuloga haukwepeki, lakini batli ndilo neno linaloeleza kazi yenyewe. Nahodha haandiki "mambo yameharibika". Anaandika saa, mahali, upepo na alichofanya, ili mtu ambaye hakuwamo chomboni aweze kuifuata safari. Batli ya seva yetu ilikuwa imeandikwa na mtu aliyedhani yeye mwenyewe ndiye atakayeisoma, siku hiyohiyo, angali anakumbuka kila kitu.

Kwanza nieleze malipo yenyewe yanavyokwenda, kwa sababu kosa lilijificha humo. Abiria akichagua siti, mfumo unamshikia kwa dakika tano ili mwingine asiichukue. Kisha unatuma ombi kwa kampuni ya simu, nayo inamletea abiria kisanduku cha kuweka namba ya siri. Akiiweka, pesa inakatwa. Baada ya hapo kampuni ya simu ndiyo inayotugongea mlango na taarifa kwamba oda fulani imelipwa. Mfumo unaitafuta oda hiyo, unatoa tiketi, na kujibu "OK". Usipojibu hivyo, kampuni ya simu hudhani hatukusikia, na huleta taarifa tena.

Kinachoshangaza ni kwamba tayari tulikuwa na programu ya kufuatilia makosa. Jina lake Sentry, iliyoanza mwaka 2008 kama kijiprogramu cha kuandika makosa ya mifumo ya Django. Kazi ya programu za namna hii ni kulidaka kosa linapotokea, kuonyesha ni mstari gani wa msimbo uliokwama na uliitwa na upi, kuyakusanya makosa yanayofanana kwenye fungu moja, kisha kuwaita wahusika. Ijumaa Kuu ile ukurasa wake ulikuwa mweupe kabisa, hauna kosa hata moja. Sababu tuliiona tulipousoma msimbo wetu wenyewe:

```
except OdaHaipo:
    print("Malipo yameshindwa")
    return "OK", 200
```

Yaani kosa likitokea, msimbo unalimeza. Unaandika maneno mawili yasiyo na maana, kisha unaijibu kampuni ya simu kwamba mambo ni shwari. Mfuatiliaji wa makosa haoni kitu kwa sababu hakuna kilichomfikia, na kampuni ya simu hairudii taarifa kwa sababu imeambiwa imepokelewa. Aliyeandika hivyo hakuwa na nia mbaya. Hakutaka mfumo uanguke. Lakini kwangu huo ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote katika kazi hii. Programu inayoanguka kwa kishindo hugunduliwa siku hiyohiyo. Inayomeza kosa hugunduliwa na mteja.

Wiki iliyofuata tulibadilisha mambo mawili. La kwanza ni umbo la batli. Badala ya sentensi, kila tukio liliandikwa kama fomu yenye vipengele vyenye majina, katika mtindo wa JSON ambao mashine husoma bila kubahatisha. Mstari mmoja ulikuwa hivi:

```
{"timestamp": "2024-04-05T15:42:07.318204Z",
 "level": "error",
 "event": "malipo.bila_oda",
 "ombi_id": "9f3c07e1",
 "oda": "T-48213",
 "umri_sek": 312}
```

Nimeukata vipande ili usomeke. Kwenye faili ni mstari mmoja. Herufi Z mwishoni mwa saa inasema wazi kwamba hiyo ni UTC, basi ugomvi wa saa ukaisha. Jina la tukio halibadiliki kamwe, na namba ya oda ina kipengele chake badala ya kuchomekwa katikati ya sentensi. Hilo si suala la urembo. Ukiandika "Oda T-48213 haipo", kila oda inazaa sentensi yake, na chombo kinachopanga kwa maneno kitaona makosa mia tofauti mahali ambapo kosa ni moja lililojirudia mara mia.

Kipengele chenye thamani kuliko vyote ni `ombi_id`. Ni namba ya nasibu ambayo mfumo humpa abiria anapobonyeza siti, na kila mstari unaoandikwa kwa ajili yake hubeba namba hiyo. Ugumu uko kwenye kampuni ya simu. Taarifa yake inapoingia ni mgeni mpya, haijui `ombi_id` yetu, na uzi unakatika hapo hasa ambapo mambo huharibika. Inachorudisha ni namba ya oda tuliyoipeleka. Kwa hiyo tulitenga jedwali dogo lisilofutwa, lenye namba ya oda, `ombi_id` na saa ombi lilipoanza. Taarifa ikiingia, mfumo unaangalia humo kwanza na kuunga uzi. Kwa kuwa saa ya kuanza ipo, unapata pia `umri_sek`, yaani sekunde zilizopita tangu siti ishikwe. Kipengele hicho tulikiongeza bila matarajio makubwa.

Badiliko la pili lilikuwa kuacha kumeza:

```
except OdaHaipo:
    log.error("malipo.bila_oda", oda=oda, umri_sek=umri)
    sentry_sdk.capture_exception()
    return "OK", 200
```

Jibu la "OK" tuliliacha makusudi. Oda ambayo haipo haitakuwepo hata taarifa ikirudiwa mara kumi. Tofauti ni kwamba sasa kosa linafika kwa mfuatiliaji.

Ijumaa ya tarehe 5 Aprili ilikuwa ya mwisho katika Ramadhani. Watu walipomaliza kufuturu wakashika simu kukata tiketi za kwenda kula Iddi kwao, na saa kumi na mbili na dakika 42 jioni simu yangu ikalia. Safari hii hakuwa abiria. Mfuatiliaji alikuwa ameona `malipo.bila_oda` na kunipa namba ya ombi. Nikaitafuta kwenye batli:

```
jq -c 'select(.ombi_id=="9f3c07e1")' batli.jsonl
```

Ikatoka mistari minne, ambayo kwa ufupi inasomeka hivi:

```
15:36:55 siti.imeshikwa
15:36:58 malipo.yameombwa
15:41:55 siti.imeachiwa
15:42:07 malipo.bila_oda
```

Isome polepole. Siti ilishikwa, ombi likaenda kampuni ya simu sekunde tatu baadaye. Dakika tano zikatimia, mfumo ukaiachia siti na kuifuta oda. Sekunde kumi na mbili baada ya hapo taarifa ya malipo ikabisha hodi, ikakuta nyumba imevunjwa. Abiria alikuwa amelipa kihalali, ila jioni ile mtandao wa malipo ulikuwa umeelemewa na taarifa zikachelewa.

Mstari mmoja hautoshi kuthibitisha. Pengine huyo abiria alikwenda kutafuta salio. Nikauliza umri wa wote waliopatwa:

```
jq 'select(.event=="malipo.bila_oda") | .umri_sek' batli.jsonl | sort -n
```

Walikuwa tisa. Wa kwanza alikuwa na sekunde 303, wa mwisho 402. Hakuna hata mmoja aliye chini ya 300, na dakika tano ni sekunde 300. Hapo sikuhitaji kuusoma msimbo wote kutafuta mchawi. Tangu simu ilie zilikuwa zimepita dakika kumi na kitu.

Kuna jambo tulilikosea katikati, nalo nalisema ili mwingine aliepuke. Siku mbili za mwanzo tulikuwa tukiitwa kwa kila kosa, hata la abiria aliyekosea tarehe. Kufikia siku ya tatu wenzangu wawili walikuwa wamezima mlio. Tukapunguza: makosa ya kawaida huita yakizidi matano ndani ya dakika kumi, lakini pesa iliyoingia bila tiketi kutoka huita hata ikiwa moja. Kengele inayolia ovyo ni sawa na isiyokuwepo.

Hatari nyingine ni kuandika kupita kiasi. Mtu akishaonja utamu wa vipengele hutaka kuandika kila kinachopita, na humo hupita namba za simu, majina na hata maneno ya siri. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadilisha maneno ya siri, kwa sababu hitilafu ilikuwa imeyaandika kwenye batli ya ndani kabla hayajafichwa. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na haisamehi faili kwa sababu eti ni la mafundi. Sisi tunaandika tarakimu tatu za mwisho za namba ya simu. Anayetaka namba nzima aifuate kwenye oda, ambako kuna kufuli.

Dawa yenyewe haikuwa kurefusha dakika tano. Ukirefusha, siti zinakaa zimeshikwa na watu walioghairi, na siku mtandao ukichelewa zaidi unarudi palepale. Sasa oda haifutwi, inawekwa alama tu kwamba muda wake umepita. Malipo yakichelewa, mfumo unatafuta siti nyingine kwenye basi lilelile na kutoa tiketi. Ikikosekana, unarudisha pesa wenyewe na kumwandikia abiria. Tuliiweka Jumatatu usiku. Jumanne, siku moja kabla ya Iddi, malipo manne yalichelewa kupita dakika tano. Watatu walipata siti, mmoja alirudishiwa pesa, na hakuna aliyepiga simu.