Kutoka lita 6 hadi nusu kilo ya maharage

Boksi la presha kuka ya umeme lina maneno mengi kuliko kitabu cha maelekezo kilichomo ndani. Mdogo wangu anayeuza vyombo Kariakoo aliniletea moja na tukahesabu pamoja sifa zilizoandikwa ubavuni: lita 6, wati 1000, kPa 70, programu 14, taima ya saa 24, chungu cha ndani kisichogandisha, mfuniko unaojifunga, valvu ya usalama, na nyingine mpaka zikafika 17. Zote alikuwa amezipanga katika tangazo lake, kila moja na alama ya tiki pembeni. Tangazo lilikuwa limekaa wiki nzima kwenye stetasi yake ya Watsapu. Watu walikuwa wanaliona, lakini waliomwandikia walikuwa wanauliza swali moja tu: "Hii si itanimalizia umeme?"

Swali hilo lilinionyesha tatizo lilipo. Mteja alikuwa amesoma "wati 1000" na akaitafsiri mwenyewe, kwa sababu muuzaji hakumtafsiria. Akilini mwake wati 1000 kwa saa nzima ya kupika maharage ni uniti nzima ya LUKU. Hesabu yake si mbaya, ila hajui kwamba chombo hiki hakivuti umeme muda wote. Huvuta kwa nguvu mpaka presha ijae ndani, kisha hujizima na kuwaka kwa vipindi vifupi ili kuitunza tu. Sifa iliyoachwa bila maelezo ilikuwa inamfukuza mteja.

Nilimwambia tuchukue sifa moja moja na kila mara tuulize, "Kwa hiyo?" Tulianza na kPa 70, ile ambayo hakuna mteja aliyewahi kuitaja. Presha ya kPa 70 ndani ya chungu hufanya maji yachemke kwenye nyuzi 115 hivi, badala ya 100. Kwa hiyo? Maharage yanalainika haraka. Kwa hiyo? Yale ambayo kwenye mkaa yangekula saa mbili au tatu, hapa yanamaliza kwa saa moja hivi, hata yasipolowekwa. Kwa hiyo? Mama hahitaji kukumbuka kuyaloweka jana usiku, na wakati yanaiva anafua.

Mdogo wangu alitaka kuendelea. Kwa hiyo anapata muda na familia, kwa hiyo ana furaha, kwa hiyo maisha yake ni bora. Hapo nilimsimamisha, na kwa maoni yangu hapa ndipo matangazo mengi yanapoharibika. "Maisha bora" yanaweza kuandikwa juu ya godoro, sabuni au bima. Mnyororo wa "kwa hiyo" una kituo chake, nacho ni pale unapofika kwenye kitu ambacho mteja anaweza kukiona nyumbani kwake kwa macho: beseni la nguo, jikoni hakuna mtu, na maharage yameiva. Ukisimama kabla ya hapo bado unazungumza lugha ya kiwanda, na ukipita hapo unazungumza lugha ya kila mtu, ambayo haimgusi yeyote.

Tukaja kwenye lita 6. Yeye alikuwa ameandika "inatosha familia kubwa". Nikamwomba apike nione. Hapo tukasoma kwenye kitabu kwamba vyakula vinavyovimba, maharage yakiwemo, havipaswi kuzidi nusu ya chungu, kwa sababu povu na maganda yanaweza kuziba tundu la kutolea mvuke. Kwa hiyo lita 6 za kwenye boksi ni lita 3 za maharage pamoja na maji yake. Tulipima: nusu kilo ya maharage makavu ilikaa vizuri, kilo nzima ilipita mstari. Mteja aliyeambiwa "familia kubwa" angejaza chungu mpaka juu siku ya kwanza, kisha angepiga simu kwa hasira, na angekuwa na haki. "Nusu kilo ya maharage" ni maneno madogo kuliko "familia kubwa", lakini mnunuzi anajua nusu kilo inalisha watu wangapi kwake.

Umeme tuliupima vilevile. Tulichomoa friji na kila kitu kingine, tukasoma mita ya LUKU kabla na baada. Tulirudia siku tatu tofauti, na kiasi kikubwa zaidi kilichotumika kilikuwa uniti 0.4. Kwa mtumiaji wa kawaida anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni shilingi 142. Nilifikiri tuandike hizo shilingi, lakini yeye alikataa, na alikuwa sahihi. Wateja walio kwenye kundi la matumizi madogo hulipa bei ya chini, na bei yenyewe inaweza kubadilika, ila "chini ya nusu uniti" inabaki kweli kwa wote. Tena ndiyo inayojibu lile swali lililokuwa linamsumbua kila mtu.

Kilichobaki kilikuwa nafasi. Alitaka maneno yaleyale aweke kwenye stetasi na ayatume kwa ujumbe wa simu kwa wateja wake wa zamani. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidi, unahesabiwa kuwa zaidi ya mmoja na anayetuma kwa wingi analipia zaidi. Rasimu yake ya kwanza ilisema "nenda sokoni, ukirudi yameiva". Ilikuwa na mvuto, lakini kitabu kinaonya usiondoke nyumbani ukaacha chombo cha presha kinapika peke yake. Tukaiacha. Ya mwisho ilikuwa hii:

"Nusu kilo ya maharage, bila kuloweka, inaiva kwa saa 1 huku ukifua. Umeme chini ya nusu uniti. Presha kuka lita 6. Sh 95,000, dhamana mwaka 1. Piga"

Ukiongeza nafasi moja na namba yake ya tarakimu 10, jumla ni herufi 158. Sifa 17 zimebaki mbili tu zinazoonekana kama sifa, lita 6 na dhamana, kwa sababu anayelinganisha maduka lazima azione. Wati na kPa zimo, ila zimegeuka kuwa nusu uniti na saa 1.

Mfuniko unaojifunga aliutengea chapisho lake la siku nyingine, maana wapo wanaoogopa presha kuka kulipuka, na hofu hiyo inastahili jibu kamili: mfuniko haufunguki mpaka presha iishe. Programu 14 alizifuta. Yeye mwenyewe anatumia tatu.

Wiki iliyofuata mteja wa Mbeya aliagiza. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwenye sufuria ya kawaida maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya huko husumbua kuiva. Kwake presha kuka ina manufaa makubwa kuliko kwa mtu wa Dar. Lakini mdogo wangu hakumwandikia "saa 1", kwa kuwa saa 1 ilipimwa Kariakoo. Alimwomba apike na kuangalia saa. Jibu lilikuja jioni, pamoja na picha ya sahani: "Saa moja na dakika kumi, dada." Tangazo la wateja wa Mbeya sasa linasema hivyo.