Ukimwandikia mteja Mfaransa, chunga hako ka “il”

Wewe uliyesoma Kifaransa shule ya upili, ukadhani hakitakusaidia kamwe, leo nina hadithi yako. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikinishinda, lakini Kifaransa hakikuniacha. Sasa kinanilipa kodi ya nyumba hapa Nakuru. Nawajibia barua pepe watu wa kampuni ndogo za safari, zile zinazopeleka wageni Ziwa Nakuru, Naivasha na Hell's Gate.

Siku moja familia ya Wafaransa ilikuwa imelala Naivasha. Kesho yake asubuhi walikuwa waingie Hell's Gate, halafu jioni waende Nairobi kupanda ndege. Usiku, dereva akiwa amesharudi Nakuru, akapata pasipoti ya kijana wao kwenye kiti cha nyuma cha gari. Akaiacha ofisini. Mimi nikaambiwa niwaandikie wageni mara moja. Nikaandika hivi:

“Le chauffeur a appelé le bureau. Votre fils a oublié son passeport dans le véhicule. Il sera à l'hôtel demain à 7 h. Nous pouvons envoyer un coursier ou retarder le départ, mais cela coûte 3 000 shillings.”

Soma tena sentensi ya tatu. Nilimaanisha dereva atakuwa hotelini saa moja asubuhi. Mama wa kijana akasoma kwamba pasipoti itakuwa hotelini saa moja. Akajibu kwa upole kabisa kwamba saa moja ni sawa, na mtu wa kuleta kifurushi hahitajiki. Nikalala fofofo.

Saa moja dereva akafika, mikono mitupu. Pasipoti iko Nakuru, kama kilomita 70 kutoka hapo, na ndege ni jioni. Ilibidi arudi kuichukua. Hell's Gate ikaenda na maji, kampuni ikawarudishia wageni pesa za siku hiyo, na mimi sikulipwa kitu. Nilikasirika, lakini kosa lilikuwa langu.

Sasa jiulize, mbona kosa kama hilo ni gumu kulifanya kwa Kiswahili? Ni kwa sababu ya ngeli. Ukisema “atakuwa hotelini”, ni mtu. “Itakuwa”, ni pasipoti. “Litakuwa”, ni gari. Herufi moja au mbili mbele ya kitenzi zinakuonyesha unachozungumzia. Kifaransa hakina huo msaada. Kina makundi mawili tu, la kiume na la kike, na watu wamechanganywa na vitu humo humo. Hebu hesabu kwenye barua yangu: chauffeur ni ya kiume, bureau ya kiume, fils ya kiume, passeport ya kiume, véhicule ya kiume. Hiyo “il” yangu ilikuwa na wenyewe watano! Mama akachagua aliyekuwa akimhangaisha usiku huo, yaani pasipoti. Hata wewe ungechagua hiyo.

Usijidanganye pia kwamba Kiswahili kinakuokoa kila mara. “Dereva alimpigia mteja kwa sababu alichelewa.” Nani alichelewa? Hapo wote ni watu, ngeli ni moja, na umeshapotea. Basi chukua hiyo hali, uiweke karibu kwenye kila sentensi. Hivyo ndivyo Kifaransa kilivyo.

Tangu siku hiyo, kabla ya kubonyeza kutuma, nafanya hivi. Kila “il” au “elle” naiwekea kidole na kuuliza: nani, au nini? Kisha narudi nyuma sentensi mbili na kutafuta nomino zote za jinsia hiyo, za umoja kama ni umoja. Naziweka moja moja mahali pa “il”. Zikikubali mbili kwa maana, “il” inatoka na nomino inaandikwa upya. Ikikubali moja tu, naiacha.

Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu ukirudia kila nomino barua itasomeka kama ya mtoto wa darasa la nne. Tazama nilivyopaswa kuandika:

“Le chauffeur sera à votre hôtel demain à 7 h. Le passeport de votre fils est à notre bureau de Nakuru. Nous pouvons vous l'envoyer par coursier avant midi. Le coursier coûte 3 000 shillings.”

Hapo kuna “l'” katika sentensi ya tatu, na sikuiondoa. Bureau nayo ni ya kiume, lakini hakuna atakayefikiri tunamtumia ofisi nzima. Maana yenyewe inachagua. Ona pia kwamba kila sentensi ina jambo lake. Dereva ana saa yake, pasipoti ina mahali pake.

Sasa njoo kwa “cela”. Kwenye barua yangu ya kwanza, ni nini kilichogharimu shilingi 3,000? Kutuma mtu, au kuchelewesha safari? Mimi nilijua ni kutuma mtu. Mama hakuwa na njia ya kujua. “Cela” na “ce” mara nyingi hazishiki nomino moja, zinashika wazo zima lililotangulia, na ukiwa na mawazo mawili zinaweza kushika lolote. Dawa yake ni kuwekea jina. Badala ya “cela coûte”, andika “cet envoi coûte” kama ni kutuma kitu, au “ce changement coûte” kama ni kubadilisha saa. Maneno mawili, na ugomvi wa bei umeisha kabla haujaanza.

Vivyo hivyo na “c'est confirmé”. Kama mteja ameuliza kuhusu chumba, gari na tiketi za mbuga, “c'est confirmé” inaweza kumfanya aamini vyote vitatu viko tayari wakati wewe umethibitisha chumba tu. Andika “La chambre est confirmée”. Vile viwili vingine vitaje kivyake.

Na kuna mtego mwingine mdogo, wa “elle”. Niliwahi kuandika: “Une personne vous attendra à l'entrée. Elle portera une chemise verte.” Sarufi yake ni sahihi kabisa, kwa sababu neno personne ni la kike hata kama mtu mwenyewe ana ndevu. Lakini mgeni aliyeshuka gari langoni anaweza kumtafuta mwanamke, huku jamaa yetu wa shati la kijani amesimama pale pale. Siku hizi naandika “Notre guide, un homme en chemise verte, vous attendra à l'entrée.” Kiwakilishi hakipo, na mtu anaonekana.

Ile kampuni ilinirudishia kazi baada ya wiki tatu. Barua ya kwanza waliyonipa ilikuwa ya wazee wawili wa Kifaransa, mizigo minne, magari mawili. Nilipomaliza niliisoma nikiwa nimeweka kidole kwenye skrini. Nikapata “il” tatu. Mbili nikaziondoa. Ya tatu ilikuwa ya “il faut”, ile isiyomwakilisha mtu wala kitu, nikaiacha hapo hapo. Kisha nikatuma, na safari hii sikulala mpaka dereva aliponiambia wazee wamepanda gari, na mizigo yote minne iko nyuma.